Damiano Kapewa Sifa za Layla

Tangu nimalize shule hapa Muyinga, mi sina kazi ingine ila kuzunguka. Asubuhi niko sokoni, saa sita niko kwa kinyozi nabishana mpira, jioni mama ananiuliza kama miguu yangu inalipwa. Donc siku dada yangu Layla aliniita nimwandikie email kwa Kifaransa, nilikimbia kama mtu ameitiwa nyama.

Layla njo anasimamia depo ya unga. Unga inasagwa Gitega, inakuja na kamyoneti, yeye anauza Muyinga na vijiji vya huko. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake akaolewa akaenda zake, kazi yote ikamwangukia Layla, mshahara ikabaki palepale. Na mama alishaongea na mjomba Uthmani, ule wa Kobero, mpakani: kama hawamuongezi, Layla ataenda kumuuzia vitenge. Sasa, Layla na mjomba Uthmani, hapana. Yule mjomba ukikaa kwake chai unakunywa, lakini sukari anakuwekea mwenyewe.

Directrice wao, yaani mkubwa wa kazi, Madame Anisia, anakaa Gitega. Yeye kalelewa Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, lakini mambo ya mshahara anataka kwa maandishi, tena Kifaransa, juu ile karatasi inaingia kwenye dossier, faili la kampuni, wenye kampuni nao wanasoma. Layla Kifaransa anaelewa, ila kuandika inamtoa jasho.

Bon, tukakaa mbele ya kompyuta ya depo. Nikamuuliza tuanze na nini. Akaanza: nyumba imepanda bei, mama na dawa yake ya presha, mchele siku hizi haushikiki. Nikaacha kuandika.

"Dada, hiyo ni kuomba sadaka. Madame naye iko na nyumba na iko na mama. Anataka kujua we umemletea nini."

Basi nikamchimba kama polisi. Nani alipeleka unga Giteranyi, kule kulikuwa hakuna mteja hata mmoja? Yeye. Nani alisema wapange mbao chini ya magunia, na tangu siku hiyo unga haiozi tena wakati wa mvua? Yeye. Wale wauzaji wapya nani aliwafundisha? Yeye. Ile shule ya bweni inachukua unga kila mwezi? Alienda mwenyewe kwa économe wao, mwenye kushika pesa ya shule, akarudi, akaenda tena, mpaka yule bwana akachoka kukataa. Tukafungua rapoti za depo: kwa mwaka mmoja mauzo imepanda karibu theluthi.

Nikaandika vizuri, sha. Juu nikaweka *Objet : demande de révision de salaire*, yaani anaomba mshahara uangaliwe upya, halafu *Madame la Directrice*, halafu toka lini anasimamia depo peke yake, halafu mambo aliyofanya, moja moja, na ile theluthi ndani. Pesa anayotaka sikuiweka, nikamwambia hiyo utaisema mdomoni mkikutana. Mwisho nikaomba rendez-vous, siku ya kuonana: *mardi ou jeudi matin, à votre convenance*. Yaani jumanne ao alhamisi asubuhi, yeye achague siku inayomfaa. Nikafunga na salamu ya heshima, ile ndefu ya Wafaransa.

Layla akasoma, akajifunika uso na mtandio.

"Hamadi ndugu yangu, mtu anajisifu hivi kama hana majirani? Hata kuposa, we ushaona bwana harusi anasimama anajisemea mwenyewe?"

Ni kweli, kwetu hakuna. Unatafuta mtu wa kukusemea, we unakaa pembeni unaangalia viatu vyako. Lakini nikamwambia email haina mshenga. Akasema sawa, ataituma akishaswali magharibi. Mi nikaenda zangu mpira.

Kesho yake jibu ikaja. Madame Anisia amekubali rendez-vous, jumanne saa nne, Gitega. Halafu chini: *Veuillez venir avec Monsieur Damiano.* Yaani aje na Damiano.

Damiano ni dereva wa ile kamyoneti, mkristo wa Bugendana, mtu wa kucheka na kulala. Nikashangaa yeye anatafutiwa nini. Nikafungua email zilizotumwa. Yampayinka! Layla kabla ya kutuma alibadilisha. Giteranyi, *grâce à Monsieur Damiano*, eti kwa msaada wake. Mbao chini ya magunia, *idée de Monsieur Damiano*, eti wazo lake. Hata ile shule ya bweni, eti Damiano aliongea vizuri na économe. Mambo yote iko palepale nilivyoandika, lakini mwenye kuyafanya ni Damiano. Dada yangu aliomba kuongezwa mshahara kwa kazi ya mtu mwingine.

Nikamuuliza ni nini hii. Akasema aliona aibu, akatafuta mtu wa kumpa, na Damiano njo alikuwa karibu. Mama aliposikia akachukua simu amwambie mjomba Uthmani atandike kitanda.

Jumanne tukatoka alfajiri na kamyoneti, sisi watatu mbele, tukapitia Karuzi. Damiano yeye hajui kitu, anasema pengine Madame anataka kumpa koti la mvua. Mi nilitaka Layla amwambie ukweli njiani. Akakataa, eti atasema mbele ya Madame. Nikajua hatasema.

Ofisi iko pembeni ya mashini ya kusaga. Wao wakaingia, mi nikakaa juu ya magunia chini ya dirisha. Kwanza nilisikia Kifaransa kidogo, cha salamu. Halafu Madame akahamia Kiswahili.

"Damiano, nimesoma habari zako. Wewe ndiye uliyefungua soko la Giteranyi?"

Damiano akauliza nani kasema. Madame akamwambia Layla. Damiano akacheka mpaka akakohoa.

"Mi? Madame, mi nilikataa kwenda. Nilisema barabara mbaya, nikajifanya tumbo inauma. Huyu akapanda akasema twende, tumbo itapona mbele."

Na alivyoanza, hakusimama tena. Mbao, ni Layla, yeye alizibeba tu tena akinung'unika. Wauzaji wapya, Layla. Shule, alimngojea Layla nje kwenye jua kila mara, akalala. Akayasema yote vizuri kuliko email yangu, na mengine mi sikuyajua: wakati wa njaa ya Muyinga Layla alikuwa anafungua depo kabla ya adhana ya alfajiri ili wamama wasipange mstari juani. Layla huko ndani najua alikuwa anaangalia viatu vyake.

Madame akangoja amalize.

"Layla, haya anayosema ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi sema mwenyewe, mara moja tu, mimi niandike kwenye dossier. Siwezi kuwapelekea wenye kampuni barua inayomsifu dereva."

Mi huko nje nikafunga macho. Halafu dada yangu akasema. Pole pole, jambo moja, jambo lingine, na kila moja "mimi". Mwisho akataja na mshahara anayotaka, bila kupunguza. Nikataka kupiga makofi, nikakumbuka niko kwenye unga ya watu.

Madame hakumpa yote, lakini alimpa sehemu kubwa, kuanzia mwezi unaokuja, na mtu wa kumsaidia depo. Damiano akapata kweli koti la mvua, na posho ya safari za Giteranyi, juu alisema ukweli hata ule wa tumbo.

Tukarudi tunaimba. Layla akampigia mama, mama akampigia mjomba Uthmani, mjomba akauliza vitenge sasa nani atauza. Wote wakanitaja mi. Tutaona.

Tulipofika Karuzi, Damiano akanigusa na kiwiko. Eti naye anataka email kama ya Layla, kwa Kifaransa. Nikamuuliza tutaandika amefanya nini. Akafikiri, akiangalia barabara.

"Andika tu kwamba Layla alifanya vizuri," akasema, "na mi nilikuwa naye."

Nikamwambia nitamwandikia, ila kutuma nitabonyeza mwenyewe.