Halafu Unafanya Hivi

Wifi yangu, na sisemi ile ya intaneti, ndiye mwandishi pekee katika studio yetu ya video. Mimi ni mhariri wa video, na kwa mdomo wangu huu nilikuwa nikimwambia kazi yake ni pambo tu. Nani atasoma namna ya kushona zipu wakati anaweza kutazama? Mkuu wetu naye alikuwa na shaka hiyohiyo, akampa mtihani: achukue video yetu inayoshikilia watazamaji kuliko zote, aigeuze kuwa makala. Makala ikishindwa kuwashikilia wasomaji, ukurasa wa maandishi unafungwa, na yeye anaondoka nao.

Video yenyewe ni ya fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo, akiweka zipu ya kujificha, isiyoonekana kwa nje, kwenye sketi. Wengi wanaoianza huimaliza, jambo adimu kwenye kazi yetu. Wifi akachukua manukuu ya maneno ya video, yaliyoandikwa na kompyuta, akafuta kila "eeh" na "sasa basi", akapanga aya na vichwa vidogo. Ilipendeza, hata mimi nilikubali.

"Tuwatumie wafuasi wetu kiungo," mkuu akasema. "Namba zitapaa."

"Hao wanampenda Mama Pindo, bosi. Watafungua hata tukiandika majina ya vifungo," wifi akajibu. "Naomba tuwahesabu wanaotufikia kwa kutafuta mtandaoni tu. Hao hawatujui, wana zipu yao mkononi."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mtu anazama, anatupiwa kamba, yeye anauliza imesokotwa na nani!

Majibu yalipokuja yalikuwa mabaya. Watu waliipata makala, wakaifungua, na wengi wakaondoka kabla ya nusu. Mkuu si mtu mbaya, akampa nafasi moja zaidi, lakini moja tu.

Wifi akavuta kiti mezani kwangu. "Nifungulie mchoro wa watazamaji wa ile video."

Nikaufungua. Mstari ulishuka polepole kama kawaida, halafu mahali pamoja ukapanda kilima. Hapo ndipo watu hurudisha video nyuma watazame tena. Akaweka kidole kwenye kile kilima, akatafuta dakika ileile kwenye manukuu. Palikuwa pameandikwa: "Halafu unafanya hivi. Mmeona?"

Basi. Katikati ya "hivi" na "mmeona" Mama Pindo alinyamaza, mikono ikafanya kazi, na kompyuta haijui kuandika mikono. Tulicheka mpaka machozi.

"Hawajaona kitu, wifi," nikasema.

Tukaenda kwenye karakana ya Mama Pindo. Wifi, ambaye hata kifungo hakuwahi kushona, akakaa kwenye cherehani, akamwomba fundi ageukie ukutani.

"Mwanangu, unaniadhibu kama mtoto wa shule?"

"Nifundishe kwa mdomo tu, mama. Ukinitazama utanionyesha."

"Haya. Laza zipu kifudifudi, ukingoni mwa kitambaa, upande mzuri. Halafu unafanya hivi..."

"Hivi vipi?"

"Si unasimamisha meno!"

"Meno yapi?"

"Ya zipu, siyo yako!"

Kila alipokosea, wifi alifumua, akauliza, akaandika sentensi. Mama Pindo alitafuta maneno kwa jasho. Mikono yake ilikuwa imeijua kazi yote bila kuyahitaji maneno. Nilisimama mlangoni nikaona raha ya ajabu, na nikamwonea wifi fahari waziwazi. Mwishowe ile "hivi" ikawa hivi: "Fungua zipu. Kabla sindano haijafika, sukuma meno kwa ukucha yasimame, sindano ipite kwenye mfereji ulio chini yake."

Makala mpya ikatoka, kipimo kikabaki kilekile: waliotufikia kwa kutafuta mtandaoni peke yao. Safari hii wengi walifika mwisho. Tulipotazama wanakaa wapi zaidi, ilikuwa palepale, kwenye aya ya meno. Mkuu akausoma mchoro, akarudia, akasema ukurasa unabaki, kisha akamwuliza wifi kama anaweza kuanza video ya pili kesho. Wifi akalia kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Nami nilikuwa na hesabu yangu ya kando. Video ile niliikata mwenyewe, nimeitazama kuliko mtu yeyote duniani, na nilikuwa sijawahi kuweka zipu. Nikajifungia na kitambaa, cherehani ya kuazima na makala peke yake.

Siku Mama Pindo alipokuja kurekodi tena, nilikuwa nimevaa sketi niliyoishona. Akanigeuza, akaipandisha na kuishusha zipu, akaitafuta mishono asiione.

"Hii zipu ni ya mwanafunzi wangu," akasema. "Nilikufundisha lini wewe?"

Nikamwonyesha wifi kwa kidole.