Utomvu wa Papai Bichi

Ijumaa ile Mong'ina alifunga hoteli yake ya Nyakoe akiwa amechelewa, na Msabato akichelewa Ijumaa hana wa kumlaumu ila jua. Nyama ya Sabato ilipaswa kuiva kabla halijazama. Siku nyingine angeikatakata, aipake papai bichi lililosagwa, aiache saa nzima ndipo aibandike. Siku hiyo aliona uvivu wa kungoja. Alitumbukiza nyama na papai pamoja kwenye maji yaliyokuwa yakitokota, akafunika, akaenda kuoga.

Alijua kabisa kwamba anakosea, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Chuoni alikosomea upishi walifundishwa vizuri: protini ya nyama ni mnyororo mrefu uliokunjwakunjwa, na ndani ya utomvu wa papai mna papaini, kimeng'enya kinachoikata minyororo hiyo katikati, kiungo baada ya kiungo, mpaka nyama inalegea. Nanasi nalo lina bromelaini, kazi yake ni ileile. Lakini vimeng'enya hivyo navyo ni protini. Ukivichemsha vinakufa, na papai linabaki kuwa mboga tu.

Kwa hiyo Jumamosi, watu walipotoka kanisani, nyama ilikuwa ngumu kama mkanda. Baba mkwe wake, Mzee Manasseh, alikuwa na meno manne, kila moja likiishi mtaa wake, na hakuwa mtu wa kukiri hivyo mbele ya wageni. Alitafuna kidogo, akameza. Kisha akashika kifua.

Pumzi alikuwa nayo. Kusema alisema. Ila kila alichomeza kilirudi, hata mate yake mwenyewe. Mume wa Mong'ina, Bosire, alimpeleka chumbani, akataka kuwasha gari waende Kisii mara moja.

"Yaaya, siendi! Niende hospitali kwa ajili ya kipande cha nyama?" mzee alifoka kutoka chumbani. "Itashuka yenyewe."

Mong'ina aliyasikia hayo akiwa jikoni. Mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, wala hamgusi. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima aliyoikuta alipoolewa na ambayo hajawahi kuivunja kwa miaka kumi na tisa. Alisimama pale na aibu yake. Nyama ni yake, ugumu ni wake, na mzee anateseka upande wa pili wa ukuta. Ndipo wazo likamjia, na akalipenda mno kwa sababu lilimpa kitu cha kufanya. Kama papai lingeweza kulainisha nyama ile kwenye sufuria, si litailainisha hata kooni?

Safari hii hakuchemsha kitu. Alichanja papai bichi lililokuwa bado mtini, akakinga utomvu mweupe, akaukoroga kwenye maji ya nanasi aliyoyakamua muda huohuo. Akampa Bosire kikombe ampelekee mzee, ambaye nyumbani wote walimwita Tata.

"Mwambie Tata anywe kidogo kidogo. Asikitapike."

Bosire akaingia, akatoka. Saa saba kikombe cha kwanza, saa nane cha pili, saa tisa cha tatu. "Anakishikilia," Bosire alisema. "Nimemlaza chali ili kikae palepale." Mong'ina aliitikia kwa kichwa. Hakuona midomo ya mzee ilivyokuwa imechubuka, wala uso wake ulivyokuwa ukijikunja kila tone lilipoteremka. Angeiona wapi?

Saa kumi mzee alipiga kelele ya furaha. Imeshuka! Watu waliimba. Jirani mmoja alisema Mong'ina angefaa kuwa daktari, na Mong'ina, Mungu amsamehe, alifurahi sana. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaanza kukoroga uji.

Uji haukunywewa. Mzee alimeza maji mara moja tu, akajikunja. Maumivu yalimshika nyuma ya kidari, yakapenya hadi mgongoni. Sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, ya puani, kana kwamba mtu mwingine anazungumzia ndani yake.

Bosire akamwita Edinah, afisa wa kliniki aliyeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Edinah alimpima mzee, akatoka na kikombe mkononi. Alikinusa.

"Ni nani alitengeneza hii?"

"Ni mimi," Mong'ina alijibu. "Lakini Edinah, papai si sumu. Watu wanakula nanasi kila siku."

"Wanakula, na halina neno. Likipita mdomoni linakuwasha ulimi, ngozi ya ulimi inajitengeneza, yameisha. Likifika tumboni linakutana na asidi na vimeng'enya vya tumbo lenyewe, papaini inakatwa kama protini nyingine yoyote. Tumbo limezoea kukatwa, lina ute mzito wa kujilinda." Alishusha sauti. "Lakini hii haikufika tumboni. Nyama ilikuwa imeziba umio, njia ya chakula kutoka kooni. Dawa yako ilituama juu yake saa tatu nzima, asidi hakuna, na ukuta wa umio umebanwa na kile kipande, damu haipiti vizuri. Umio ni nini, mama? Ni nyama. Papaini haijui ipi ni ya ng'ombe na ipi ni ya Tata."

Mong'ina alishika mlango.

"Unataka kusema..."

"Sitaki kusema mpaka wampige picha hospitalini. Bosire, lete gari. Asipewe chochote, hata tone la maji."

Walimwegemeza mzee kiti cha nyuma. Edinah alikaa upande mmoja akimtundikia dripu, chupa ameifunga kwenye kishikio cha juu. Bosire alikuwa kwenye usukani. Edinah akatoa kichwa dirishani.

"Mama, panda upande huu. Mikono yangu imejaa. Nahitaji mtu wa kuweka vidole shingoni mwake na kuniambia."

"Mimi siwezi," Mong'ina alinong'ona. "Ni baba mkwe wangu."

"Basi atafute mkwe mwingine akiwa hai."

Hakuna aliyecheka. Mong'ina alimwangalia Bosire kwenye kioo, Bosire akatazama barabara. Akapanda. Mkono ulikaa hewani kwa muda mrefu kabla haujatua kwenye shingo ya mzee, juu kidogo ya mfupa wa bega, mahali palipokuwa pamevimba.

"Bonyeza taratibu. Unasikia nini?"

Chini ya ngozi kitu kilitatarika. Kilitatarika tena, kidogo kidogo, kama unga mkavu wa muhogo ukiubana kiganjani.

"Kinatatarika."

"Ni hewa. Imetoka kwenye umio, inatembea chini ya ngozi. Ukuta umetoboka." Edinah alimwambia Bosire, bila kupandisha sauti, "Endesha." Kisha kwa Mong'ina: "Usiutoe mkono. Ikipanda kufika taya, niambie."

Gari lilitoka. Mzee Manasseh alifumbua macho, akaona mkono ni wa nani. Mong'ina alingoja akemewe. Alitamani sana akemewe. Lakini mzee aliuegemea mkono ule, akasema kwa sauti ile ya puani isiyo yake:

"Mbuya mono, vizuri sana, mwanangu. Dawa yako imenisaidia. Ukirudi uniwekee nyingine."

Mong'ina alifungua mdomo amwambie ukweli wa dawa ile. Chini ya kidole chake cha mwisho, kile kilichogusa taya, ngozi ilianza kutatarika.