Mapazia ya Mama Gesti

Mimi sijawahi kupoteza mteja hata mmoja. Ni kweli pia kwamba sijawahi kuwa na duka. Duka la mapazia ni la mwanangu, Fundi, na mkewe, na kazi yangu humo ni kukaa kwenye kiti kizuri ili wateja wasikikalie.

Siku hiyo niliondolewa. Mama Gesti aliingia na furushi, akalibwaga mezani. Huyu ana nyumba ya wageni, na oda zake ndizo zinazolipa kodi ya duka.

"Nimeyafua mara moja tu, yamesinyaa! Madirisha yamevaa kaptula!"

Fundi akafungua kinywa. "Labda uliyachemsha..."

Mkwe wangu akamkanyaga mguu. Nilisikia kiatu.

"Mpishe mama kiti," akaniambia. Nikapisha, kwa uchungu.

Mama Gesti akasema mpaka akaishiwa. Mkwe hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza, "Wageni wanasema nini?"

"Madereva wa malori husafiri usiku, wanalala mchana. Jua linawapiga usoni. Wawili wamehamia kwa jirani. Nami nahamia kwa fundi mwingine."

"Pole sana, mama. Kosa ni letu. Pamba hulowekwa ikasinyaa kwanza, ndipo ikatwe. Leo nakuja kutundika mengine ya kuazima. Yako tunashona upya kwa kitambaa kipya, bure, Ijumaa yako tayari."

"Bure?"

"Kosa letu, gharama yetu."

Fundi alinitazama kama aliyefiwa. Nikatazama dari. Lina buibui.

Jioni mkwe akaenda kutundika, nami nikamfuata kwa umbea. Hakutaja biashara hata kidogo mpaka pazia la mwisho likakaa sawa na Mama Gesti akashusha pumzi. Ndipo akashika lile pazia la kuazima, pamba ileile ya yaliyosinyaa, mwanga ukapenya hadi vidoleni.

"Mama, hata yakiwa marefu, jua litapita. Kwa wanaolala mchana ningeweka bitana nzito kwa nyuma. Vyumba vya upande wa jua tu, vingine havihitaji. Hiyo ungelipia."

Mama Gesti akamkagua, akitafuta ujanja. "Kwa nini usiniuzie vyote?"

"Utakuja kunibwagia mezani tena."

Akacheka! Akaagiza bitana, na zaidi ya hapo mapazia ya vyumba vipya vya ghorofani.

Siku ya pili yake akapita dukani kulipa malipo ya awali. Fundi alikuwa ameshika mkasi, uso umejaa heshima.

"Safari hii umeloweka, baba?"

"Jana ileile, mama. Nimeloweka, nimeanika, nimepiga pasi mwenyewe."

Mama Gesti akainama, akavuta robota la kitambaa kipya kutoka chini ya meza. Lilikuwa bado limefungwa nailoni ya kiwandani, na gundi haijaguswa. Mkwe akafumba macho.

Mama Gesti akavuta kiti changu, akakaa.

"Leteni beseni," akasema. "Sina haraka."