Bingwa wa SQL

Tangazo la kazi ya mchambuzi wa data lilitaka mradi halisi, ujuzi wa SQL, lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, na dashibodi ya takwimu inayotumika. Nikampelekea CV yangu dada Rawya, anayesaili waombaji kazi ofisini kwao Tibirinzi, anikagulie.

"Umejiita bingwa wa SQL. Ushahidi uko wapi?"

Nikamfungulia dashibodi yangu ya mauzo ya kubuni, yenye rangi tisa. Akatazama nani huifungua: mtu mmoja, mara mia mbili. Mimi.

"Na hii?" akauliza, kidole kwenye mstari wa mwisho wa CV.

Chini kabisa, kwenye "Mapendeleo", nilikuwa nimeandika: kuogelea, kumsaidia nesi wa kisiwa cha Fundo. Kwa SQL nilimuunganishia nesi huyo jedwali la dawa na la wagonjwa. Kila Jumatatu dashibodi humwonyesha dawa za kuagiza.

Rawya akaipandisha kazi hiyo juu kabisa ya CV. Ubingwa akaufuta.

"Na kuogelea, dada?"

"Kama una ushahidi."