Tunacholipa na Tusicholipa

Miaka ile mishahara ya kiwanda cha Shituru ilipokatika, mimi Fidélie nilikuwa nikiandika vipeperushi vya chama cha bima ya mazishi, hapa Likasi. Mkubwa wangu Urbain, mtu wa tai na maneno matamu, alikuwa ametunga chake mwenyewe: TUNAKUZIKA KWA HESHIMA! Sanduku, gari, chakula cha kilio. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kumtoa mtu machozi, ndiyo yalikaa tusiyolipia: kifo cha miezi sita ya kwanza ya bima, isipokuwa ajali, na kifo cha mchimba mashimo ya madini asiye na kibali, hata kikiwa cha ajali.

Kwetu karatasi kama hiyo husomwa na mmoja kwa sauti, wengine wanasikiliza. Anasoma yaliyo makubwa, watu wanafurahi, basi. Chini hafiki mtu. Urbain alilijua hilo vizuri, na ndilo lililonichefua.

Asubuhi moja nilichapa upya nakala ya majaribio: kila faida na mpaka wake papo hapo, kwa herufi kubwa zilezile. TUNALIPA. HATULIPI. Urbain alikuwa karibu kuichana pale Alphonsine, jirani yangu, alipoingia anahema. Nje lori la wachimbaji wa Kambove lilinguruma, na mumewe Damas, asiye na kibali kama wenzake, alikuwa juu yake.

“Munipe mbio nisaini,” Alphonsine akasema. “Damas balimusomea karatasi yenu. Anasema kama mutamuzika, ataingia mu shimo bila woga.”

“Très bien, mama. Hapa.” Urbain akampa kalamu.

Niliogopa, nikakasirika zaidi. “Mama, Damas akifia mu shimo, utapata nini?”

“Sanduku, motokari, na chakula ya kilio.”

“Fidélie!” Urbain akafoka. “Weye unafukuza bantu? Conditions ziko ku karatasi!”

“Ziko, lakini hakuna mwenye alimusomea.” Nikaichukua nakala yangu mkononi mwa Urbain, nikasoma kwa sauti: “HATULIPI mtu akifa akichimba bila kibali. Hakuna sanduku, hakuna gari, hakuna chakula.”

Alphonsine akamgeukia Urbain. “Ni kweli, patron?”

Urbain akatazama tai yake. “Ni kweli, mama.”

Kalamu ikaanguka. Alphonsine alikuwa ameshatoka mbio.

Tukasimama dirishani. Lori lilianza kuondoka, Alphonsine akiwa ameshikilia ubavu wa lori, anapiga kelele. Likasimama. Damas akaruka chini na sururu yake, na wenzake wakaenda zao.

“Chapisha hiyo yako,” Urbain akasema nyuma yangu, bila kunitazama.

Nilitaka kucheka kwa furaha, lakini sauti ya Damas ikatufikia kutoka barabarani:

“Haya, nimebakia! Na batoto batakula nini leo?”

Nikaitazama karatasi yangu safi mkononi; la chakula cha leo halikuwamo.