Debe la Sita

Magunia ya mchele yalikuwa sita, yakawa matano, na hakuna aliyeshtuka. Yangeshtukiwaje wakati ule? Yonasi alikuwa amelazwa katikati ya nyumba, watu wamejaa uani toka Tunduma mpaka ng'ambo ya mpaka, na waombolezaji lazima wale. Ndugu wa marehemu, Amoni, aliingia dukani akaburuta gunia moja, wakapika. Wakala, wakalia, wakatawanyika. Mjane wake, Ferista, akabaki na duka, magunia matano, na kiti cha marehemu nyuma ya mzani.

Lilikuwa duka dogo la matofali ya udongo, kando ya barabara iendayo Rodesia. Miaka hiyo, kabla ya Vita vya Pili, mchele ulikuwa chakula cha harusi, cha Krismasi, na cha vibarua wa dhahabu wa Saza siku ya mshahara. Yonasi alikuwa akiagiza kutoka Kyela kwa lori la Fanueli. Alikuwa mtu wa maneno machache na desturi nyingi. Bei yake aliipiga namna moja tu, na Ferista aliijua kama anavyojua njia ya kisimani.

Gunia likinunuliwa shilingi ishirini na nne, hujalipata bado. Lori linakula tano. Wapakiaji wanakula senti hamsini, na gunia tupu lenyewe lina senti hamsini zake. Hapo ndipo limefika dukani, na limefika kwa thelathini. Ishirini kwa mia ya thelathini ni sita, basi linauzwa thelathini na sita. Jirani yao mmoja aliwahi kupiga ishirini yake juu ya ile ishirini na nne, akauza kwa ishirini na nane na senti themanini, akichekelea kuwa wateja wamemhamia. Wateja walimhamia kweli. Kila gunia lilimla shilingi na senti ishirini, na mvua za mwaka ule zilimkuta amerudi kulima.

Yonasi hakupandisha zaidi ya ishirini kwa mia, hata mchele ulipoadimika. Alishaahidi mbele ya wateja wake wa pande zote mbili za mpaka, na ahadi ni deni. Gunia likiwa na madebe sita ya kujaa, debe alilipimia shilingi sita, asitoze hata senti ya kisingizio.

Desturi yake nyingine ilikuwa gunia la nyumba. Mzigo ukishushwa, aliegemeza gunia moja kwenye ukuta wa nyuma, haliuzwi. Yale mengine yakiisha, fedha ya kuagizia mzigo mpya ilikuwa imeshatimia kwenye bati la fedha, na lile la nyuma ndilo faida. Madebe matatu yaliingia jikoni kwa Ferista, matatu yalikwenda Itaka kwa mama yake Yonasi, penye kahawa na ndugu tele. Chumvi, mafuta ya taa na sabuni ndivyo vilivyowalipia mengine.

Baada ya msiba, wazee wa Itaka walikaa. Mjane hana mtoto, walisema, duka litamfia mikononi. Heri lifungwe, bati ligawanywe, naye ahamie kwao apewe chumba nyuma ya jiko la mama mkwe. Ferista aliomba aachiwe. Walikubali kwa sharti moja: magunia matano yabaki matano mpaka kahawa ivunwe. Yakipungua, Amoni atakuja kulifunga duka. Ferista aliona ni sharti jepesi, maana alijua bei. Yale matano yaliyokuwapo aliyauza yote, faida ikalipa madeni ya msiba, akaagiza matano mengine.

Kilichomshinda mwanzoni hakikuwa biashara. Kilikuwa kimya. Wateja walisema naye maneno ya kupima na kulipa, wakaondoka. Waliokuwa wakikaa barazani kupiga soga na Yonasi walipita wakiinua kofia tu. Kukaa na mjane kuna maneno. Jioni alipika ugali wa watu wawili kwa kuzoea mkono, akala wa mmoja, uliobaki akawapa kuku. Kuku wakanenepa.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza uliposhushwa, aliegemeza gunia la nyumba ukutani kama kawaida, ila hakuligawa. Mtu mmoja atafanyia nini madebe matatu ya mchele? Alilipeleka lote Itaka kwa lori la Fanueli. Alisema moyoni ni heshima kwa mkwe. Kweli ilikuwa heshima, lakini ilikuwa na chambo ndani yake: alitumaini atakuja mtu kusema ahsante, akae, anywe chai. Hakuja mtu. Fanueli alileta salamu na gunia tupu limekunjwa.

Yale mengine manne yalipoisha, alihesabu fedha ya bati akakuta mia na arobaini na nne. Magunia matano yanataka mia na hamsini. Alihesabu tena, akainua hata mkeka. Shilingi sita hazipo.

Akauza kuku, akajaza, akaagiza matano. Mzigo wa pili ukafanya vilevile: gunia la nyumba Itaka, manne sokoni, na shilingi sita zile zile zimeyeyuka. Sasa akaanza kumwogopa kila mtu. Aliwatazama wateja mikono. Alilala na bati chini ya kichwa. Alilipeleka debe kwa fundi likapimwe, kumbe halina kasoro. Akauza maharage ya shambani na kanga mpya aliyonunuliwa na Yonasi, akajaza tena. Siku alipouza ile kanga alilia, tena hakulilia kanga.

Mzigo wa tatu ulipokuwa nusu umeuzwa, kahawa ilikuwa imeiva na Ferista hakuwa na kitu cha kuuza zaidi. Amoni akaletewa habari, akaja kwa baiskeli. Hakuwa mtu mbaya, bali mwenye hakika, na mwenye hakika hutesa kuliko mbaya. Alisema shemeji anakopesha watu kwa huruma, au anaibiwa. Kama anataka kujiokoa, aweke bei thelathini na nane. Ferista alijibu kuwa ahadi ya marehemu haivunjwi na mjane wake. Amoni akapandisha mabega. Atarudi na lori la Fanueli, alisema, na kama fedha haikutimia, aanze kufunga virago.

Alipoondoka, Ferista alikaa kwenye kiti cha Yonasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukia duka, akachukia mchele, akamchukia kidogo na Yonasi mwenyewe kwa kufa na desturi zake zote bila kumwachia maelezo.

Akiwa bado anachukia, akaingia Anyitike, mama mmoja wa ng'ambo anayepika pombe na wali wa vibarua. Alitaka debe moja kwa sasa, na kama dada yake atakuja na fedha, mengine. Ferista akakata uzi wa gunia jipya. Dada mtu akaja, akachukua mawili. Jirani yao akachukua moja, na jingine likachukuliwa na mpita njia mwenye harusi. Ferista alikuwa amechoka hata kutia fedha kwenye bati. Aliziweka juu ya gunia, rundo kwa rundo.

Watu walipotoka alizitazama. Madebe matano, shilingi thelathini. Gunia lilimfikia kwa thelathini. Basi gunia hili limeshajilipa. Na chini yake, ndani, mchele ulikuwa bado upo, debe moja kamili.

Alisimama akilishika lile gunia kama mtu anayeshika bega la mwenzake. Debe la sita. Kila gunia lina debe moja tu la faida, mengine matano ni ya kununulia gunia jingine. Magunia sita yanatoa madebe sita, nayo ndiyo yanajaza gunia la nyumba. Ndiyo maana Yonasi hakuagiza matano hata siku moja, hata mwaka wa nzige; alisubiri mpaka apate fedha ya la sita. Lakini magunia matano yanatoa madebe matano. Naye, Ferista, kila mzigo aliegemeza ukutani madebe sita. Debe moja lilikuwa la duka, lenye thamani ya shilingi sita.

Hakuna mwizi aliyekuwapo. Walikuwa wamelipikia waombolezaji gunia moja, kisha yeye akaendelea kuishi kana kwamba bado liko pale.

Gunia la nyumba la mzigo ule lilikuwa bado ukutani, halijapelekwa. Alilifungua, akapima debe moja, akalirudisha upande wa duka, akaliuza kesho yake kwa shilingi sita. Gunia la mwisho nalo likaisha, na fedha ya bati ikasimama mia na hamsini.

Amoni alikuja na lori la Fanueli kama alivyosema, amevaa koti la safari. Ferista alimkaribisha chai kwanza, akamhesabia fedha mezani, kisha akamvuta ukutani palipokuwa na gunia legevu, akamweleza kwa kupima: matano haya, moja hili. Amoni hakuwa mzito wa kichwa. Alimfuata debe kwa debe, na alipofika mwisho akauliza swali ambalo Ferista alikuwa amelingoja.

"Sasa zile shilingi za kwanza, shemeji, zile ulizouzia kuku na kanga, zilikwenda wapi?"

"Zilikwenda Itaka," Ferista alisema. "Mmezila, shemeji. Nami ndiye niliyewapelekea, kwa hiyo silalamiki."

Amoni aliangalia koti lake, akalipangusa mahali pasipo na vumbi. Alisema mama aliusifia ule mchele. Ferista akamwambia amwambie mama aje mwenyewe mara moja, atampikia, watalala wote wawili, kuna kitanda kipana. Amoni akasema mama anaumwa magoti na njia ni mbaya, labda mvua zikipita. Wote wawili walijua maana ya labda.

Duka halikufungwa. Walipakia madebe matano ya Itaka, Ferista akaagiza magunia matano mapya kwa Fanueli mbele ya shahidi, na lori likaondoka likitimua vumbi.

Aliingia ndani. Alikuwa ameshinda, na alitaka kucheka. Alitaka kumwambia mtu jinsi alivyotafuta shilingi sita chini ya mkeka na ndani ya mifuko ya watu, kumbe anazifunga mwenyewe kwa uzi na kuzipandisha lorini. Ni jambo la kuchekesha sana ukilieleza vizuri. Lakini mtu pekee ambaye angelicheka mpaka ashike ubavu, asihitaji kuelezwa bei wala debe, ndiye aliyeanzisha desturi ile ya ukuta wa nyuma.

Akaenda jikoni, akasonga ugali wa watu wawili.