Madoa Chini ya Glasi

Mwanangu Shekina alikuwa na homa na vipele, kwa hiyo mama mkwe wangu alimpaka pemba, udongo mweupe wa kutibu surua, mwili mzima. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Sylvie aliuliza, "Mutoto iko na kikohozi? Macho mekundu? Ilianzia ku uso?"

"Hapana. Asubuhi hii, ku miguu," nilijibu.

Sylvie aliupangusa wayo, akaukandamiza kwa glasi yake ya chai. Madoa ya zambarau hayakufifia hata kidogo.

"Hii haiko surua, ya surua ingefifia. Damu inavuja chini ya ngozi!"

Alimchoma sindano ya antibiotiki palepale, akatukimbiza hospitali.

Baada ya siku kumi tulirudi kituoni kwa Sylvie, Shekina akitembea. Mama mkwe aliishika ile glasi kwa mikono miwili, kama kikombe cha misa.